Kutoka lami hadi uwani: namna ya kuandika upya tangazo la nyumba ya kupanga

Tuchukue nyumba moja ya vyumba vitatu iliyoko Sakina, Arusha, na tangazo lake kama lilivyosambazwa na dalali:

"NYUMBA KALI YA KISASA INAPANGISHWA SAKINA. Vyumba 3 vikubwa na vizuri, kimoja masta. Sebule kubwa ya kuvutia, jiko zuri la kisasa, mazingira tulivu, safi na salama. Maji na umeme masaa 24. Pakingi ya kutosha. Karibu na lami. Bei nafuu sana. Wahi kabla haijachukuliwa!"

Humo mna sifa zaidi ya 10. Sasa mfikirie mama mwenye kitanda cha futi sita kwa sita, friji la milango miwili na mtoto anayetoka shule saa kumi jioni. Anataka kujua kama kitanda kitaingia, kama mtoto atatembea mwendo mrefu kutoka kituoni, na kama ataoga maji ya moto Julai. Tangazo halimjibu hata moja. Itabidi apige simu, alipe hela ya kuonyeshwa nyumba, apande boda, kisha agundue kwenye kona ya pili, au akiwa chumbani, kwamba nyumba haimfai. Hela imekwenda, na dalali naye amepoteza asubuhi nzima kwa mtu ambaye asingepanga hata kidogo.

Dawa yake ni kuitembea ile nyumba kama mgeni na kuandika kile ambacho mguu, jicho, sikio na mkono vinakutana nacho, kwa mpangilio uleule wa kukutana nacho. Kazi yote inachukua asubuhi moja na sehemu ya jioni.

Kwanza, zihoji sifa kabla ya kutoka nyumbani

Chukua tangazo la zamani na kalamu. Pigia mstari kila sifa, na pembeni yake andika swali moja: nikisimama ndani ya nyumba na mtu akaniuliza "kwa vipi?", nitamwonyesha nini kwa kidole?

Sifa za tangazo letu zinagawanyika zenyewe. "Kali", "ya kuvutia" na "nzuri" hazina cha kuonyeshwa kwa kidole, kwa hiyo zinafutwa hapohapo. "Kubwa", "ya kutosha" na "karibu" zina kipimo kilichojificha nyuma yake, na kipimo hicho ndicho kitakachoandikwa. "Ya kisasa" mara nyingi ni jina la pamoja la taili, jipsamu, madirisha ya aluminiamu na choo cha kukaa. Vitaje vyenyewe, maana mwingine anaposema kisasa anafikiria kabati za jikoni ambazo hapa hazipo. "Tulivu" na "salama" ndizo ngumu kuliko zote, na nitazirudia chini, kwa sababu haziwezi kupimwa kwa kwenda mara moja.

"Bei nafuu" futa bila huruma. Andika bei. Mtu mwenye laki mbili na nusu na mtu mwenye laki nane wote watapiga simu ukiificha, na wote wawili utawapotezea muda.

Pili, anzia kituoni, usianzie getini

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi katika matangazo ya Arusha: nyumba inaanza kwenye geti, kana kwamba mgeni ameshushwa hapo kutoka angani. Mgeni ameanza kuiona nyumba tangu aliposhuka kwenye kifodi. Kwa nyumba yetu kituo ni kwa Iddi, kwenye barabara ya kwenda Namanga. Shuka hapo, angalia saa, tembea mwendo wa mtu aliyebeba mfuko wa sokoni. Dakika saba. Hizo dakika saba ndizo zinazochukua nafasi ya "karibu na lami".

Ukiwa njiani, angalia chini. Barabara ya mtaa ni ya vumbi, na kwenye kona ya pili kuna mteremko. Hapo simama, uwaulize wenyeji, hasa vijana wa boda wanaokaa kijiweni, gari dogo linapitaje masika. Mvua za Machi hadi Mei ndizo zinazopambanua barabara za Arusha: kuna mitaa ambayo udongo wake ukilowa gari linakwama, na mingine yenye kokoto inayopitika hata mvua ikinyesha usiku kucha. Ukienda kuandika tangazo Septemba, hutaiona tofauti hiyo kwa macho yako. Utaona vumbi tu. Ndiyo maana swali hili huulizwa mtu, haliachiwi jicho.

Fika getini, pima upana. Wapangaji huhamia na kenta. Geti lisilopitisha kenta maana yake ni makochi kubebwa kichwani kutoka barabarani, na hilo mgeni anastahili kulijua. La kwetu linapitisha.

Tatu, ingia na tepu, ndoo na daftari

Beba tepu ya kupimia, ndoo ya lita 20 na simu yenye chaji. Simama mlangoni kabla hujaingia ndani kabisa, na andika kitu cha kwanza unachokiona. Usifikiri sana. Kwenye nyumba yetu ni mwanga: dirisha kubwa la sebule linatazama mashariki, na saa mbili asubuhi jua limelala sakafuni hadi katikati ya chumba. Hicho ndicho kilichomfanya dalali aandike "ya kuvutia". Alikiona, ila hakukitaja.

Kisha pima. Sebule ni mita 4 kwa 5. Lakini namba peke yake haimsaidii kila mtu. Wengi hawawezi kuiona mita 4 vichwani mwao. Ipe samani. Katika sebule hii seti ya makochi ya watu saba inaenea, na meza ya chakula ya watu wanne inakaa karibu na mlango wa jiko bila kuziba njia. Hapo msomaji amekwisha kupanga vyombo vyake.

Vyumba vya kulala vifanyie vivyo hivyo, na hapa tufanye hesabu kidogo, maana chumba ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Chumba cha pili ni futi 10 kwa 12. Ukiweka kitanda cha sita kwa sita kichwa kikigusa ukuta wa futi 10, unabaki na futi mbili kila upande, nafasi ya kupita mtu mmoja. Mbele ya miguu zinabaki kama futi tano na nusu ukitoa unene wa mbao za kitanda. Weka kabati lenye kina cha futi mbili, unabaki na futi tatu na nusu za kufungulia milango yake. Kinatosha. Chumba cha tatu ni futi 9 kwa 9: hicho kitanda cha sita kwa sita kitaingia, lakini kabati halitafunguka. Ni chumba cha dabo deka ya watoto, au kitanda cha futi nne na meza ya kusomea. Andika hivyohivyo. Neno "vikubwa" liliviweka vyumba vyote vitatu kwenye fungu moja, na mpangaji angegundua ukweli siku ya kuhamia, kenta likiwa nje.

Jikoni, usihesabu taili. Simama mbele ya sinki ujifanye unaosha sahani: unatazama wapi, kiwiko kinagonga nini, mtungi wa gesi unakaa wapi? Hapa sinki liko chini ya dirisha linalotazama uwani, kwa hiyo anayeosha vyombo anamwona mtoto akicheza. Kabati ni za chini tu, za juu hazipo. Mtungi unakaa nje na mpira wake unapita kwenye tundu la ukutani. Pima nafasi ya friji, na hakikisha soketi iko karibu. Nafasi nzuri ya friji isiyo na soketi inamlazimisha mtu kuburuta waya wa nyongeza katikati ya jiko.

Korido, stoo na baraza havina jambo hapa. Mstari mmoja unatosha kwa vyote. Si lazima kila chumba kipewe aya.

Nne, maji na umeme

Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, na ninakusihi nawe ukae.

"Maji masaa 24" ni maneno yanayochanganya mambo matatu: maji kuja kwenye bomba la mtaa, maji kutunzwa kwenye tanki, na maji kutoka kwa nguvu bafuni. Yatenganishe. Uliza bomba la AUWSA linatoa siku gani. Kwa nyumba yetu wenyeji wanasema siku tatu kwa wiki. Kisha soma ubavuni mwa simtanki: lita 2,000. Familia inayotumia ndoo 10 za lita 20 kwa siku inatumia lita 200, kwa hiyo tanki likijaa linawafikisha siku 10. Sasa una sentensi ya kweli: maji ya mtaa huja siku tatu kwa wiki, lakini tanki linaziba pengo.

Halafu nenda bafuni na ndoo yako. Fungua bomba mpaka mwisho, angalia saa. Ndoo ikijaa kwa dakika mbili, maji yana msukumo mzuri. Ikichukua dakika saba, ni kama lita 3 tu kwa dakika, na hapo lazima uijaribu hita. Hita ndogo ya kichwa cha bafu huwaka pale maji yanapoisukuma kwa nguvu ya kutosha; tanki likiwa limeinuliwa kidogo tu juu ya paa, hita inaweza kuwa mpya kabisa na isiwake. Mgeni anayekuja mchana wa Februari hatagundua. Atagundua Juni, baridi ya Arusha ikiwa imeshuka. Kwa hiyo iwashe, fungua maji, weka mkono chini, subiri. Katika nyumba yetu hita ya masta inawaka. Choo cha pamoja hakina hita, na tangazo litasema hivyo.

Kuna na maji ya kunywa. Maji ya maeneo mengi ya Arusha na kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na ndiyo huwatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno wakiyanywa tangu wadogo. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke, inazidi kukolea. Mwenyeji anajua, lakini anayehamia kutoka Dodoma au Mwanza huenda hajui. Uliza mpangaji aliyetoka alikunywa maji gani. Hapa alinunua ya madumu.

Umeme una swali moja kubwa kuliko yote: LUKU ni ya nyumba hii peke yake? Maneno ya mwenye nyumba pekee yasikutoshe. Zima swichi kubwa ya nyumba, kisha kaitazame mita. Kuna taa ndogo inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Ikiendelea kupepesa huku nyumba yote imezimwa, kuna kitu kingine kimeungwa kwenye mita hiyo: taa za ukuta, pampu, au chumba cha uani cha mtu mwingine. Ukikuta hivyo, fuatilia mpaka ujue ni nini na nani analipia, kisha uandike. Ugomvi wa wapangaji wanaochangia LUKU naujua vizuri, na mwingi ungeepukwa kwa mstari mmoja wa tangazo.

Tano, rudi jioni kwa ajili ya "tulivu" na "salama"

Utulivu wa saa tano asubuhi haukuambii lolote kuhusu saa tatu usiku. Rudi jioni, simama chumba cha masta, funga madirisha, nyamaza dakika chache. Unasikia nini? Baa, barabara kuu, mbwa, kwaya ya mazoezi, mashine ya kusaga? Kwa nyumba yetu mchana husikika karakana ya kuchomelea nyuma ya ukuta, na jioni imefungwa. Hilo usilifiche. Mtu anayefanya kazi mjini mchana hatajali. Mwenye mtoto mchanga atajali, na ni heri asome kuliko afike.

Usiandike "salama". Andika vitu: ukuta wa tofali, geti la chuma, nondo madirishani, taa ya nje. Lakini ishia hapo. Usieleze kwamba nyumba iko wazi haina mlinzi, wala usielekeze mpaka kwenye geti lenyewe. Kituo na dakika vinatosha hadi mtu apige simu. Na kama bado kuna mpangaji ndani, vitu vyake na ratiba yake havihusu tangazo. Vivyo hivyo usitaje kabila wala dini ya majirani kama sifa ya mtaa.

Sita, liandike kwa mwendo wa miguu

Mistari miwili ya kwanza ndiyo inayoonekana kwenye simu kabla ujumbe haujakatwa, kwa hiyo mahali, vyumba, bei na miezi ya kodi vikae hapo. Baada ya hapo fuata njia ya mgeni, na kila kasoro iandike pale anapokutana nayo. Kasoro zikirundikwa mwishoni zinasomeka kama onyo. Zikiwa mahali pake zinasomeka kama sehemu ya nyumba.

Hili hapa tangazo jipya:

"Nyumba ya vyumba vitatu, Sakina. Shilingi 450,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita. Iko peke yake ndani ya geti.

Kutoka kituo cha kwa Iddi ni dakika saba kwa miguu, barabara ya vumbi. Gari dogo linafika mwaka mzima, ila masika pita taratibu kwenye mteremko wa kona ya pili. Geti la chuma linapitisha kenta. Ndani kuna pevingi hadi barazani, na magari mawili yanakaa moja nyuma ya jingine.

Mlango wa mbele unaingia sebuleni, mita 4 kwa 5, chini taili, juu jipsamu. Dirisha linatazama mashariki na jua la asubuhi linafika katikati ya chumba. Makochi ya watu saba yanaenea pamoja na meza ya chakula ya watu wanne.

Jiko liko upande wa kulia. Sinki liko chini ya dirisha la uwani, kabati ni za chini tu, friji la milango miwili lina nafasi na soketi yake, mtungi wa gesi unakaa nje. Stoo iko pembeni.

Masta ni futi 12 kwa 12, ina choo cha kukaa na hita inayowaka. Chumba cha pili, futi 10 kwa 12, kinachukua kitanda cha sita kwa sita na kabati. Cha tatu, futi 9 kwa 9, kinafaa dabo deka ya watoto. Choo cha pamoja ni cha kuchuchumaa, hakina hita.

Maji ya AUWSA huja siku tatu kwa wiki, tanki ni lita 2,000. Ya kunywa mpangaji aliyepita alinunua. LUKU ni ya nyumba hii peke yake.

Uwani kuna karo la kufulia, kamba za kuanikia na mparachichi mmoja. Nyuma ya ukuta kuna karakana ya kuchomelea, inasikika mchana, jioni imefungwa. Ukuta wa tofali, nondo madirishani, taa ya nje."

Ni refu kuliko la kwanza, ndiyo. Anayetafuta nyumba kwa dhati atalisoma lote, na asiyetafuta hata lile fupi lingempita tu. Kama mahali unapolitundika pana nafasi ndogo, usikate kwa kurudi kwenye sifa. Bakiza mistari miwili ya juu, dakika za kutoka kituoni, ukubwa wa vyumba, maji na LUKU. Mengine yaseme kwenye simu.

Saba, lijaribu kwa mtu ambaye hajaiona nyumba

Mpe tangazo jirani au ndugu, pamoja na karatasi, umwombe achore ramani ya nyumba kwa kufuata maneno yako tu. Asiulize kitu. Akiliweka jiko mbali na sebule, sentensi yako ya jiko ina kasoro. Akishindwa kuamua vyumba viko upande gani, hukumwonyesha njia. Kwenye tangazo letu uchoraji huo ungefichua pengo moja: hakuna panaposema kwamba vyumba vya kulala viko kwenye korido inayotoka sebuleni kwenda kushoto. Ongeza maneno hayo kabla ya "Masta".

Picha zifuate njia hiyohiyo: geti, sebule ukiwa umesimama mlangoni, jiko, vyumba kimoja kimoja, uwani. Zipige asubuhi mapazia yakiwa wazi, na ujumuishe kile chumba cha futi 9 bila kukikwepa.

Tangazo likishatoka, weka daftari karibu na simu. Swali likiulizwa na watu wawili au watatu, jibu lake limekosekana, liongeze siku hiyohiyo. Kwa nyumba za Arusha swali linalorudi sana ni kama mwenye nyumba anakubali kodi ya miezi mitatu. Muulize mapema, na jibu lake likae kwenye mstari wa kwanza, kando ya bei.